Mume wangu anaona krimu, mimi naona kijani: wiki ya tatu hatujaelewana rangi ya sebule

Mshonaji wa Chanika

Habari za jioni wakuu. Naomba niwasimulie kisa chetu kwa urefu, kwa sababu nikieleza kwa ufupi kila mtu ananiambia "chagueni nyeupe" na hapo ndipo ninapokosa la kusema.

Tumehamia kwetu mwezi uliopita baada ya miaka kumi na moja ya kupanga. Mimi nashona, cherehani yangu ipo sebuleni na siku nzima nipo nyumbani. Baba Neema ana fremu ya vipuri Kariakoo. Anatoka saa kumi na moja alfajiri ili asikwame njiani, anarudi saa mbili au saa tatu usiku. Jumapili nayo anafungua mpaka mchana, kisha anapita kwa mama yake.

Rangi ya sebule alichagua yeye. Dukani alionyeshwa kadi, akaonyesha kidole kwenye krimu moja tulivu, wakaichanganya kwa mashine, akarudi na ndoo ya lita 20. Fundi alipiga ukuta mmoja, ule unaotazamana na dirisha, mikono miwili. Jioni ile Baba Neema aliingia, akawasha taa, akasimama katikati akasema, "Hii ndiyo niliyoitaka. Safi kabisa."

Asubuhi nilipofungua pazia nilikuta ukuta wa kijani. Sisemi kijani cha majani, la. Ni ile rangi ya mtu aliyetoka kuumwa malaria. Nikadhani macho yangu, nikamwita jirani, naye akasema, "Mbona mmepaka kijani, mama Neema?"

Usiku nikamweleza mume wangu. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Kijani kiko wapi hapa?" Na kweli wakuu, usiku ule hata mimi sikukiona sawasawa.

Basi nikanunua kopo la lita moja la rangi ninayoipenda, ya udongo wa chungu, kama kuta za nyumba ya bibi yangu Muheza zilivyokuwa kabla hazijapakwa chokaa. Nikapaka kipande pembeni ya mlango. Mchana kilikuwa kizuri mpaka nikasahau kushona. Baba Neema akaja saa mbili usiku, akakiona, akasema, "Mama Neema, hayo ni matope. Mimi sikai kwenye nyumba ya matope, nimeyakaa ya kutosha utotoni." Nikaumia. Yeye naye akaumia, maana anahisi nimedharau alichokinunua kwa jasho lake.

Fundi amesimama, ukuta mmoja wa krimu, tatu bado ni skimu tupu. Anayenipigia simu kila siku ni fundi. Nani kati yetu haoni vizuri?

Kisiwani

Pole dada. Ukweli ni kwamba nyumba ni ya wote wawili, mkubalianeni mwache ukuta mmoja wake, mitatu yako.

Mhandisi Mstaafu

Mimi ninaona tatizo ni uelekeo wa dirisha. Nilisoma kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua, kwa hiyo mwanga wake ni wa baridi na rangi zote zinaonekana zimepauka. Dawa yake ni kupaka rangi ya joto. Dada atuambie dirisha linaangalia wapi. Kama ni kaskazini, basi rangi ya udongo ndiyo sahihi, na mzee akubali.

Mshonaji wa Chanika

Dirisha kubwa linatazama mashariki, mkuu. Nje yake, hatua nne au tano hivi, kuna mwembe mkubwa tuliokataa kuukata.

Fundi Brashi

Nimepaka nyumba tangu 1998, nianze na mkuu Mhandisi. Uelekeo ni jambo kweli, ila hayo ya kaskazini ni ya Ulaya, kule jua lao linapita kusini mwaka mzima. Sisi Dar tuko karibu na ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka karibu tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita linapita upande wetu wa kaskazini, na mwezi wa sita linainama hasa. Miezi iliyobaki linahamia kusini kidogo. Kwa hiyo huku kwetu chumba cha kaskazini ndicho kinacholiwa na jua muda mrefu kuliko cha kusini. Watu wananunua rangi kwa ushauri wa video za nje na wanapata kinyume chake.

Sasa dada. Nikuulize kitu kwanza. Wewe mshonaji, ukienda kununua uzi wa kufananisha na kitambaa, unauangalia ndani ya duka chini ya taa?

Mshonaji wa Chanika

Hapana. Nautoa mlangoni kwenye mwanga wa jua. Ndani ya duka uzi wa zambarau unaweza kuuona bluu, ukifika nyumbani unajuta.

Fundi Brashi

Basi jibu unalo kwenye kazi yako mwenyewe. Wewe na mzee mnaona vizuri wote, ila mnaishi nyumba mbili. Wewe unaishi nyumba ya mchana yenye mwembe, yeye anaishi nyumba ya usiku yenye taa. Hakuna siku mmesimama mbele ya ukuta ule saa tatu asubuhi pamoja.

Kijani kinaweza kutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mwembe. Jua la asubuhi linakuja kutoka mashariki, linapenya kwenye majani, mwanga unaoingia ndani umeshachujwa. Na ukuta unaotazamana na dirisha ndio unaoupokea wote. Ya pili ni rangi yenyewe. Krimu tulivu, ile isiyong'aa kama siagi, mara nyingi inatengenezwa kwa njano iliyofifishwa na tone la nyeusi. Chukua njano yoyote uitie nyeusi kidogo, utaona inageukia kijani, kama zeituni. Kwenye kadi ndogo huioni. Kwenye ukuta wa mita tano inatoka yote.

Ili ujue ni ipi, chukua karatasi nyeupe mbili za kawaida. Moja ibandike kwenye huo ukuta saa tatu asubuhi, ya pili mtu aishike nje penye mwanga wazi, mbali na mti, nawe simama mahali unapoziona zote. Kama karatasi ya ukutani nayo imekuwa kijani ukilinganisha na ya nje, mwembe una hatia. Kisha angalia rangi ikiwa karibu na karatasi ya ukutani. Kama ukuta ni kijani kuliko karatasi iliyo palepale, na rangi nayo ina hatia. Halafu soma kikaratasi kilichobandikwa kwenye mfuniko wa ndoo, kina mchanganyiko. Kama ni alama tu hazieleweki, wapigie duka, waulize wametia rangi gani.

Na mniambie taa zenu zimeandikwaje kwenye boksi.

Ndugu wa Mbagala

Wakuu samahani, mimi ukuta wangu wa nje unatoa unga mweupe kama chumvi, na rangi inabanduka kama maganda chini karibu na msingi. Nimepaka mara mbili mwaka huu. Nipake rangi gani ambayo haitabanduka?

Fundi Brashi

Hiyo ni chumvi kweli, ndugu, na haitibiwi kwa rangi. Maji yanapanda kutoka chini au yanaingia mahali, yanabeba chumvi ya kwenye saruji na mchanga, yakifika juu yanakauka na kuiacha. Rangi ya tatu itabanduka vilevile. Tafuta maji yanaingilia wapi kwanza. Ufungue uzi wako tutakujibu, tusimpoteze dada.

Bibi Salome

Wanangu, mimi na marehemu mume wangu tulikosana kwa ajili ya bluu mwaka 1979. Yeye alitaka rangi ya mafuta chini mpaka kiunoni ili watoto wasichafue, mimi nilitaka chokaa tupu. Tukapaka alivyotaka. Nilimhesabia bluu ile miaka sita. Alipokuwa anaumwa alikuwa analala sebuleni, anaegemea ukuta ule, na nilikuwa naufuta kwa kitambaa chenye maji unang'aa. Sijaupaka tena mpaka leo. Huyu baba akisema ameyakaa matope ya kutosha, mama Neema, hilo neno si la rangi. Msikilize hapo.

Mshonaji wa Chanika

Bibi, shikamoo. Maneno yako yamenikaa. Nyumba waliyokulia kina Baba Neema huko Iramba ilikuwa ya udongo, na mvua ya mwaka fulani ilibomoa upande mmoja wakiwa wamelala. Aliwahi kunisimulia mara moja tu. Mimi nilikuwa namletea kuta za bibi yangu, sikukumbuka yeye kuta za namna hiyo zilimfanyia nini.

Fundi, nimefanya ulivyosema leo asubuhi na Neema akashika karatasi ya nje. Karatasi ya ukutani iligeuka kijani kidogo kweli. Lakini ukuta wenyewe ulikuwa kijani zaidi ya karatasi iliyo juu yake. Nikabandika nyingine kwenye ukuta wa dirishani, ambako mwanga wa mwembe haufiki moja kwa moja, karatasi ikawa nyeupe ya kawaida. Mchana saa tisa ukuta wa krimu ulikuwa umetulia, kijani kimebaki kwa mbali. Duka wameniambia ni njano na nyeusi, na nyekundu kidogo mno.

Taa zimeandikwa 6500K, na pembeni Ra70.

Fundi Brashi

Basi wote wawili wana hatia, mwembe na ndoo.

Na taa ndiyo inayomdanganya mzee. 6500K ni mwanga mweupe unaoelekea bluu. Bluu ile inaizimisha njano ya krimu, anaona ukuta msafi karibu mweupe, ndiyo maana haoni kijani. Sasa chini ya taa hiyohiyo weka rangi ya udongo. Udongo unaishi kwa nyekundu na njano. Taa za namna hiyo hazina nyekundu ya kutosha ndani yake, na hiyo Ra70 inamaanisha haizionyeshi rangi kwa uaminifu. Nyekundu ikikosa mwanga wake inakufa, inabaki kahawia ya majimaji. Alivyosema matope alisema alichokiona.

Kwa hiyo usiku mmoja huohuo, taa ileile iliipamba rangi yake na kuiua yako.

Nunua balbu mbili tu za 3000K, zile za mwanga wa njano, zenye Ra ya 80 kwenda juu, ukipata 90 ni bora zaidi. Usibadilishe nyumba nzima bado. Halafu acha kupaka vipande ukutani. Kipande kilichozungukwa na skimu nyeupe kinaonekana cheusi kuliko kitakavyokuwa, na ukikipaka pembeni ya mlango kinabaki hapohapo, huwezi kukijaribu kwenye ukuta wa mwembe. Chukua vipande vya dari au plaiwudi, sentimita 60 kwa 60, vipige praima, kisha mikono miwili kamili. Viache vikauke mpaka kesho, kwa sababu rangi ya maji ikikauka inakolea kuliko ilivyokuwa mbichi. Kisha vihamishe ukuta kwa ukuta, asubuhi, saa tisa, na usiku kwa taa zote mbili. Mzee awepo. Hata kama ni siku moja afungue duka saa nne.

Mhandisi Mstaafu

Nimekubali kuhusu kaskazini, asante. Ila bado nasisitiza kwamba rangi iliyokolea inafanya chumba kionekane kidogo. Hilo ni la kisayansi.

Fundi Brashi

Inameza mwanga, hilo ni kweli, mkuu. Udongo uliokolea unarudisha mwanga kidogo kuliko krimu, na usiku utahitaji taa nyingi zaidi. Kuhusu udogo nimeona vyote viwili. Nimepaka korido ya upana wa mita moja na ushei kwa rangi nzito, ikawa kama handaki. Nimepaka ukuta wa mwisho wa sebule ndefu, ukasogea mbele na chumba kikapata umbo. Sina kanuni moja.

Mume wa Mshonaji

Wakuu, mimi ndiye Baba Neema. Nimefungua akaunti leo baada ya kuusoma huu uzi kwenye simu ya mke wangu, ambao alinionyesha mwenyewe.

Jumamosi sikufungua duka. Nilikaa kwangu mchana kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Saa tatu asubuhi aliniita, nikauona ukuta. Ni kijani. Nimemwambia samahani mbele ya watoto kwa sababu nilimwambia anaona vitu.

Lakini nataka niseme upande wangu pia. Mimi sikuchagua krimu kwa sababu ya kadi. Nimekaa miaka mingi chumba kimoja chenye ukuta uliochorwa na moshi wa jiko la mkaa. Nilitaka nikirudi usiku niwashe taa na kuwe kweupe. Kwangu mimi weupe ule ndio unaoniambia nimefika mahali pangu. Nikiona kitu cheusi pembeni ya mlango saa mbili usiku, nimechoka, moyo unashuka. Na bado ndoo ipo, nimeilipia, imetumika robo. Je, duka wanaweza kuirekebisha?

Fundi Brashi

Karibu mzee. Ndoo iliyochanganywa kwa kawaida hawairudishi. Kuirekebisha wanaweza kwa kuongeza tu, hawawezi kupunguza. Wakiongeza nyekundu kidogo kijani kinazimika, kwa sababu nyekundu na kijani zinauana, ila itakolea na kupinda kuelekea rangi ya ngozi ya pichi. Na wataibahatisha, haitafanana na kadi yoyote. Kwa hiyo ukirekebisha, rekebisha ndoo nzima kwa mara moja, maana hutapata ya pili inayofanana.

Njia nyingine, ihamishieni chumba kisicho na mwembe. Mna chumba gani chenye mwanga wazi?

Mshonaji wa Chanika

Cha watoto. Dirisha la kaskazini, hakuna mti, jua limejaa.

Na sasa nieleze Jumamosi ilivyokwenda, maana Baba Neema ameifupisha.

Tulikuwa na vipande vitatu: krimu ya ndoo, udongo wangu, na cha tatu ambacho fundi wetu alichanganya mwenyewe kwa kuchukua nyeupe na kuitia udongo wangu kidogo kidogo, akiandika vipimo. Alipima kikombe kimoja cha udongo kwa vikombe sita vya nyeupe. Ilitoka rangi ya ganda la yai la kienyeji, lile lililopauka.

Asubuhi kwenye ukuta wa mwembe, krimu ikawa kijani, udongo ukatulia vizuri, na cha ganda la yai kikaonekana cheupe chenye uhai. Ile nyekundu yake ndogo ilikuwa inakula kijani cha majani. Saa tisa vyote vitatu vilikuwa vizuri, tukashindwa kuchagua. Tukangoja giza. Tukawasha 6500K: udongo ukafa kama alivyosema, ganda la yai likawa kijivu. Tukabadilisha balbu, tukawasha 3000K. Baba Neema alinyamaza muda. Akachukua kile kipande cha udongo akakipeleka ukuta wa mwisho, kule nyuma ya makochi, akarudi mlangoni akasimama kama mtu anayeingia kutoka kazini. Akasema, "Hapa siyo matope. Ila usinizungushie chumba kizima."

Kwa hiyo kuta tatu zitakuwa ganda la yai, na ukuta mmoja wa nyuma ya makochi udongo. Krimu inakwenda kwa watoto.

Fundi Brashi

Uamuzi mzuri. Neno moja la vipimo ili msikwame katikati. Sebule ina ukubwa gani?

Mshonaji wa Chanika

Mita 5 kwa 4, kimo mita 2.8. Ukuta wa udongo ni ule wa mita 4, hauna dirisha wala mlango.

Fundi Brashi

Ukuta wa udongo ni 4 mara 2.8, sawa na mita za mraba 11 na kidogo. Kuta tatu zilizobaki ni mita 14 kwa urefu, mara 2.8 ni 39, ukitoa mlango na madirisha tuseme 34. Kwenye skimu iliyopigwa msasa vizuri lita moja inakwenda kama mita 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ya kuta tatu ni lita 7 hivi, nunua 8, yaani makopo mawili ya lita 4. Udongo mikono miwili ni lita 2 na ushei. Kama mkono wa pili utaonyesha michirizi pigeni wa tatu, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha na kubaki.

Usimwachie fundi achanganye ganda la yai kwa vikombe kwa ukuta mzima. Kwa kipande sawa, kwa lita 8 atakosea. Peleka kipande chenyewe dukani wakisome kwa mashine. Na makopo mawili yakija, yamwageni yote kwenye ndoo moja safi mkoroge kabla ya kuanza. Makopo mawili ya mchanganyiko mmoja yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaiona katikati ya ukuta mahali kopo la kwanza lilipoishia.

Kabla ya hapo, ule ukuta wa krimu uloshakauka uupitisheni msasa mwepesi na kuufuta vumbi. Na lipu ilipigwa lini?

Mshonaji wa Chanika

Miezi mitano sasa.

Fundi Brashi

Hapo hamna shida. Ingekuwa chini ya wiki nne ningesema ngojeni.

Kisiwani

Nilisema ukuta mmoja na mitatu!

Mume wa Mshonaji

Ulisema, mkuu, ila ulinipa mimi mmoja.

Mshonaji wa Chanika

Fundi anaanza Jumatatu. Limebaki moja. Mimi nashona usiku, na kwa balbu za 3000K siwezi kutofautisha uzi mweusi na wa bluu nyeusi. Jana nimeshona pindo la sare ya mtu kwa uzi usio wake, nikafumua lote. Baba Neema hataki taa nyeupe irudi sebuleni kwa sababu ikiwaka tu, ukuta wake wa makochi unakuwa matope tena. Tumejaribu taa ndogo ya mezani inayomulika cherehani peke yake, lakini mwanga unavuja mpaka ukutani. Kuna mshonaji humu amewahi kulimaliza hili?